Nywila za ofisi zinahamia Bitwarden: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu wa Kitengo cha TEHAMA ni kwa watumishi wote wa makao makuu na matawi. Mafunzo yanaanza Jumanne tarehe 14 Aprili 2026, na kila mtumishi anatakiwa awe amehama kabisa ifikapo saa 10 jioni, Alhamisi tarehe 30 Aprili. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa `hivi` ni yale utakayoyaona kwenye skrini, kwa hiyo tumeyaacha kama yalivyo.

## Mambo ya msingi

Bitwarden ni kitu gani, na inachukua nafasi ya nini?

Ni programu ya kutunza nywila. Ndani yake kila mtumishi ana kasha lake binafsi, na ofisi ina makasha ya pamoja yaliyogawanywa kwa idara: Fedha, Rasilimali Watu, Mawasiliano, Manunuzi na Matawi. Ukiingia kwenye tovuti unayoitumia kikazi, Bitwarden inakujazia jina la mtumiaji na nywila. Unachobaki kukikumbuka kichwani ni nywila moja tu, ile ya kufungulia kasha, ambayo hapa tutaiita nywila kuu.

Inachukua nafasi ya vitu vitatu: faili la Excel lililopo kwenye folda ya pamoja, nywila zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na vikaratasi vilivyobandikwa chini ya kibodi. Faili lile linafunguliwa na yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi, na hakuna kumbukumbu ya nani alilifungua. WhatsApp ni mbaya zaidi. Nywila iliyotumwa kwenye kundi mwaka juzi bado ipo kwenye simu za watu walioshaondoka kazini.

Mafunzo ni lini, na nihudhurie kikao kipi?

Kuna vikao vinne, kila kimoja cha muda wa saa mbili, kuanzia saa 3 asubuhi. Jumanne tarehe 14 Aprili ni Fedha na Manunuzi. Alhamisi tarehe 16 ni Rasilimali Watu, Mawasiliano na Masijala. Jumanne tarehe 21 ni matawi yote kwa njia ya video. Alhamisi tarehe 23 ni kwa waliokosa vikao vya mwanzo, na hakutakuwa na kingine baada yake.

Njoo na kompyuta mpakato yako ikiwa na chaji, simu janja yako, na uwe na uhakika kwamba unaweza kufungua baruapepe yako ya kazini. Hili la mwisho ndilo litakalotuchelewesha, kwani mwaliko unakuja huko. Kama nywila ya baruapepe inakusumbua, wasiliana na Kitengo cha TEHAMA siku moja kabla, si saa 3 kasoro dakika tano.

Mimi binafsi natakiwa kufanya nini, na mwisho ni lini?

Siku ya kikao chako utafungua akaunti, utaweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya kwenye simu inayoombwa baada ya nywila kuu, na utaongeza kiendelezi cha Bitwarden kwenye kivinjari. Hadi Ijumaa tarehe 24 Aprili uwe umehamisha nywila zako za kazi kutoka Chrome au popote zilipo. Hadi Alhamisi tarehe 30 uwe umebadilisha nywila za akaunti ulizopangiwa kwenye orodha ya idara yako.

Wakuu wa idara wana kazi moja ya ziada: kufikia Jumatatu tarehe 20 Aprili, watuletee orodha ya nani anahitaji kasha lipi, na kama anahitaji kusoma tu au kuhariri pia. Ijumaa tarehe 1 ni Mei Mosi, ofisi imefungwa. Jumatatu tarehe 4 Mei asubuhi faili la Excel linafutwa.

Mimi ni dereva, mlinzi au mhudumu wa ofisi. Nami nahusika?

Kama huingii kwenye mfumo wowote wa ofisi kwa nywila, hutafunguliwa akaunti na huna la kufanya. Kama unaingia hata kwenye mmoja, mathalani wa kujaza taarifa za magari, unahusika na utapata mwaliko kama wengine.

## Kufungua akaunti

Nimefungua akaunti lakini sioni kasha lolote la idara. Kwa nini?

Kwa sababu kuna milango mitatu, na wengi hudhani ni miwili. Wa kwanza ni mwaliko: sisi tunakutumia baruapepe. Wa pili ni wewe kubofya kiungo, kufungua akaunti na kukubali. Wa tatu unarudi kwetu: msimamizi anakuthibitisha. Hadi mlango huo wa tatu ufunguliwe, utaona kasha lako binafsi tu, tena tupu.

Huu si urasimu wa ofisi. Nywila za makasha ya pamoja zimefungwa kwa ufunguo wa ofisi, na ufunguo huo hausafiri ukiwa wazi. Unapofungua akaunti, programu inakutengenezea jozi ya funguo: ufunguo wa wazi wa kufungia, na wa siri wa kufungulia. Msimamizi anapokuthibitisha, kompyuta yake inauchukua ufunguo wa ofisi na kuufunga kwa ule ufunguo wako wa wazi, ili wewe peke yako uweze kuufungua. Kabla hujafungua akaunti, jozi hiyo haipo, ndiyo maana hatuwezi kukuthibitisha mapema.

Siku za mafunzo tutathibitisha papo hapo, na tutakuomba utusomee maneno matano yaliyounganishwa kwa vistari, yanayoitwa `Fingerprint phrase`. Utayakuta kwenye tovuti ya Bitwarden, `Settings`, kisha `My account`. Yakilingana na yanayoonekana kwetu, tunajua akaunti tunayoipa ufunguo ni yako kweli. Maneno hayo si siri, kwa hiyo yasome kwa sauti bila wasiwasi.

Sijapata mwaliko, au kiungo kinakataa.

Angalia kwanza kwenye folda ya barua taka. Kama kiungo kipo lakini kinakataa, huenda kimeisha muda: mwaliko unaishi siku 5 tu. Tuandikie, tutatuma mwingine.

Kosa jingine ni mtu kwenda mwenyewe kwenye tovuti na kujifungulia akaunti kwa baruapepe yake binafsi. Akaunti hiyo inafanya kazi vizuri, ila si ile tuliyoialika, na hatutaithibitisha. Tumia anwani ya kazini, na upitie kwenye kiungo.

Ukiambiwa nywila si sahihi wakati una hakika nayo, tazama chini ya sehemu ya kuingilia pameandikwa seva gani. Bitwarden ina seva za `bitwarden.com` na za `bitwarden.eu`, na akaunti ya upande mmoja haijulikani upande wa pili. Sisi tuko `bitwarden.com`.

Nywila kuu iweje?

Programu inakataa chini ya herufi 12. Sisi tunaomba maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana, yakitenganishwa kwa kistari, kwa mfano muundo wa `kibatari-ndizi-reli-mvungu`. Huo umeshachapishwa hapa, kwa hiyo usiutumie. Urefu ndio unaolinda. `Mw@nza1` ina alama zote ambazo watu hufundishwa kuweka, lakini kompyuta inaikisia upesi kwa sababu ni fupi na imejengwa juu ya jina la mji.

Usichukue methali wala mstari wa wimbo. Hivyo vinakisiwa vikiwa vizima. Na usitumie nywila uliyowahi kuitumia kwingine, hata kama unaipenda.

Iandike mara moja kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha na kuihifadhi nyumbani mahali unapoweka vyeti. Baada ya wiki mbili za kuichapa kila siku mkono utakuwa umeizoea.

Nikiisahau itakuwaje?

Hakuna anayeweza kukurudishia. Si sisi, wala kampuni ya Bitwarden, kwa kuwa nywila kuu haitumwi kwao. Kinachofika kwao ni matokeo ya hesabu iliyofanyika kwenye kifaa chako, na hesabu hiyo hairudishwi nyuma. Mpango tunaoulipia hauna huduma ya msimamizi kurejesha akaunti ya mtumishi.

Njia iliyobaki ni kuifuta akaunti na kuanza upya kwa mwaliko mpya. Nywila za makasha ya pamoja hazipotei, kwani ni mali ya ofisi. Zilizokuwa kwenye kasha lako binafsi ndizo zinazokwenda moja kwa moja. Kabla ya kufikia huko, jaribu kifaa kingine ambacho bado kiko wazi, kwa mfano simu inayofunguka kwa alama ya kidole: utaweza kunakili vilivyomo kabla ya kufuta.

Uthibitisho wa hatua mbili unawekwaje?

Pakua kwenye simu programu ya kutengeneza namba za uthibitisho, utakayoonyeshwa kikaoni. Kisha kwenye tovuti ya Bitwarden fungua `Settings`, `Security`, `Two-step login`, chagua `Authenticator app`, skani mchoro na uingize namba sita zinazotokea. Namba hubadilika kila sekunde 30. Zikikataliwa mara zote, saa ya simu ndiyo yenye kasoro: nenda kwenye mipangilio ya simu, weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, ujaribu tena.

Hapo hapo kuna `Recovery code`. Iandike kwenye ile karatasi ya bahasha. Ndiyo itakayokuokoa simu ikiibiwa.

Je, nywila ya baruapepe nayo niiweke Bitwarden?

Iweke, lakini isiwe Bitwarden peke yake. Ukiingia kwa kifaa kipya kabla hujaweka hatua mbili, Bitwarden hutuma namba ya uthibitisho kwenye baruapepe yako. Kama nywila ya baruapepe imo ndani ya kasha unalojaribu kulifungua, umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Hii nayo iandike kwenye karatasi ya bahasha.

## Kuhamisha nywila

Nahamishaje nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome?

Andika `chrome://password-manager/settings` kwenye sehemu ya anwani, kisha pakua nywila zako. Utapata faili la `.csv` lenye mpangilio huu:

```
name,url,username,password,note
```

Kwenye tovuti ya Bitwarden fungua `Tools`, kisha `Import data`, chagua kasha lako binafsi, na kwenye aina ya faili uchague `Chrome (csv)`. Hakiki nywila tatu au nne kwa kuingia nazo kweli kwenye tovuti husika.

Faili hilo halina kufuli lolote. Yeyote akilifungua anasoma kila kitu. Likishapakiwa, lifute siku hiyo hiyo kwa `Shift+Delete` ili lisipitie kwenye pipa la taka la kompyuta. Usijitumie kwa baruapepe hata kidogo. Ukimaliza, zima kwenye Chrome mpangilio wa kuhifadhi nywila, la sivyo Chrome na Bitwarden zitakuwa zinagombania kisanduku kimoja na hutajua nywila mpya imehifadhiwa wapi.

Naweza kulifungua faili kwa Excel kwanza nilisafishe?

Tafadhali usifanye hivyo. Excel inadhani kila kilicho na tarakimu tupu ni namba ya kuhesabia. Chukua mfano wa akaunti ambayo nywila yake ni `004518`. Ukifungua faili kwa Excel, sifuri mbili za mbele zinaondoka na unabaki na `4518`. Ukihifadhi, nywila imeharibika. Tarakimu zikizidi 11, Excel inazionyesha kwa ufupisho wa aina ya `9.91E+11`, na ukihifadhi kama `.csv` ndivyo zinavyoandikwa. Ubaya ni kwamba huenda usipate onyo. Utaligundua wiki moja baadaye, akaunti imeshafungwa kwa majaribio matatu.

Pakia faili lote kama lilivyo, kisha futa usichokitaka ukiwa ndani ya Bitwarden. Ukifuta kwa makosa, kitu kinakaa kwenye `Trash` siku 30.

Kwa nini tubadilishe nywila zote, wakati tayari tumezihamisha?

Kwa sababu kuhamisha nywila hakuiondoi ilikokuwa. Nywila iliyokuwa kwenye Excel na WhatsApp bado ni ile ile, na aliyeiona jana anaweza kuitumia kesho. Tukiishia kwenye kuhamisha tu, tutakuwa tumenunua kufuli jipya na kuacha funguo za zamani mitaani. Hii ndiyo sehemu ya zoezi tusiyokubali iachwe, hata kama idara ina kazi nyingi za mwisho wa mwezi.

Nabadilishaje nywila inayotumiwa na watu kadhaa bila kuwafungia wenzangu nje?

Tuseme ni tovuti ya mamlaka ya kodi, inayotumiwa na wahasibu wanne. Chagua saa tulivu, si tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani, na uwataarifu wenzako.

Ingia kwenye tovuti kwa nywila ya zamani na ufungue ukurasa wa kubadilishia. Kwenye Bitwarden fungua ingizo la tovuti hiyo, yaani pale nywila yake ilipohifadhiwa, bonyeza `Edit`, tengeneza nywila mpya ya herufi 14, kisha hifadhi kwanza. Ndipo unakili nywila hiyo na kuibandika kwenye tovuti. Mpangilio huu una sababu yake. Ukianza na tovuti, halafu umeme ukakatika kabla hujahifadhi, nywila mpya haijulikani na mtu yeyote duniani. Ukianza na Bitwarden na tovuti ikakataa, hujapoteza kitu, kwani ingizo linatunza nywila 5 zilizopita chini ya `Password history`.

Tovuti ikikubali, toka kabisa na uingie tena kwa nywila mpya kabla ya kuondoka mezani. Zipo tovuti zinazokubali nywila ndefu kisha zinakata herufi za mwisho kimyakimya, na njia ya kulijua hilo ni kujaribu kuingia. Ikikataa, fupisha nywila na urudie. Wenzako wakiona bado inatokea ya zamani, waambie wafungue `Settings` za kiendelezi na kuagiza `Sync`.

## Matumizi ya kila siku

Bitwarden haijazi nywila kwenye tovuti ninayoijua. Nibandike mwenyewe?

Simama kwanza, usome anwani. Bitwarden inalinganisha jina la tovuti na lile lililohifadhiwa, na haidanganywi na nembo wala rangi. Kama ingizo limehifadhiwa kwa `tra.go.tz` na wewe uko kwenye kitu kama `tra-go-tz.com`, haitajaza, kwa kuwa ni tovuti nyingine kabisa. Macho ya mtu aliyechoka yanapita juu ya tofauti hiyo. Ukibandika kwa mkono, umempa tapeli nywila.

Anwani ikiwa sahihi kweli, jaribu `Ctrl+Shift+L`. Ikishindikana bado, huenda taasisi imehamia anwani mpya. Tuulize, tutaihakiki na kuiongeza kwenye ingizo.

Intaneti au umeme ukikatika nitazipata nywila?

Ndiyo, mradi kasha limefungwa kwa `Lock` na hukutoka kwa `Log out`. Ukifunga, nakala iliyosimbwa inabaki kwenye kifaa na nywila kuu inaifungua bila mtandao. Ukitoka, nakala inaondoka na kuingia tena kunahitaji intaneti. Bila mtandao unasoma tu; huwezi kuongeza wala kuhariri.

Kwa hiyo, kwenye `Settings` za kiendelezi, `Account security`, weka kasha lijifunge lenyewe baada ya dakika 15, na kitendo kiwe `Lock`. Kwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kama ile ya mapokezi, kitendo kiwe `Log out`.

Kitengo cha TEHAMA kinaona nywila zangu?

Za kasha lako binafsi, hapana. Zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na nywila kuu yako. Kwenye makasha ya pamoja, mfumo unaweka kumbukumbu ya nani ametazama au kunakili nywila gani na lini, na kumbukumbu hiyo tunaiona.

## Hali zisizo za kawaida

Tovuti inatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mtu mmoja, naye yuko likizo.

Bitwarden haitatui hili, na hatutaki mje mfikiri inalitatua. Nywila mtakuwa nayo, namba hamtakuwa nayo. Kama mfumo unaruhusu kila mtu awe na akaunti yake, ombeni hivyo. Kama hauruhusu, laini iliyosajiliwa iwe ya ofisi, ikae kwenye simu ya ofisi, na mkuu wa idara aikabidhi kwa maandishi.

Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu niiweke kasha la pamoja?

Hapana. Mifumo ya benki inamtenganisha anayeandaa malipo na anayeidhinisha. Nywila za wote wawili zikikaa kasha moja, mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote mbili na ukaguzi utaonyesha majina mawili. Kila mmoja aweke yake kwenye kasha lake binafsi.

Mkuu wangu ameomba nijaziwe nywila bila kuiona. Inawezekana?

Inawezekana kuificha, lakini tusiitegemee kama kinga. Ikishajazwa kwenye ukurasa, anayejua kutumia zana za kivinjari anaweza kuisoma. Kama mtu hapaswi kuijua nywila, asipewe kasha hilo.

Simu yangu imeibiwa.

Tupigie mara moja, hata usiku. Kisha kwa kompyuta ingia kwenye tovuti, `Settings`, `My account`, na ubofye `Deauthorize sessions`. Vifaa vyote vitatolewa. Kuingia bila simu kunahitaji ile `Recovery code` ya bahasha. Ukishaitumia, hatua mbili inazimika, kwa hiyo iweke upya kwenye simu mpya, uandike na namba mpya ya kuokolea.

Mtumishi akiacha kazi au kuhamishwa?

Rasilimali Watu watujulishe kabla ya siku yake ya mwisho. Tutamwondoa kwenye makasha jioni hiyo. Hata hivyo kumwondoa hakufuti alichowahi kunakili, hivyo mkuu wa idara atapewa orodha ya nywila alizozifikia, na zote zibadilishwe ndani ya siku 2 za kazi kwa utaratibu ulioelezwa kwenye swali la nywila inayotumiwa na watu kadhaa.

Nitakuwa likizo kuanzia tarehe 14 hadi 30 Aprili. Nifanye nini?

Usikubali mwaliko ukiwa njiani. Utaisha muda, na hakuna hasara. Mkuu wako amteue mwenzako abadilishe nywila ulizopangiwa. Siku ya kurudi pita Kitengo cha TEHAMA na kompyuta na simu yako, utafunguliwa akaunti hapo hapo. Nywila zako za zamani hazitafanya kazi kwenye akaunti za pamoja, na faili la Excel hutalikuta.